Kima cha chini cha kuzuia bakteria

Kima cha chini cha kuzuia bakteria (kifupi chake katika ripoti za maabara ni MIC) ni kiasi kidogo kabisa cha antibiotiki kinachowazuia bakteria kuota hadi kuonekana kwa macho katika maabara. Huandikwa kwa miligramu kwa lita. Kutokana na kipimo hiki hupatikana herufi S, I na R ambazo daktari husoma anapochagua dawa.

== Jinsi kinavyopimwa ==
Dawa huzimuliwa nusu kwa nusu katika safu ya vitundu: 4, 2, 1, 0.5, 0.25 na kuendelea. Kila kitundu hutiwa idadi ileile ya bakteria, kisha safu huwekwa katika joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi kwa saa 16 hadi 20. Kama kitundu cha 0.25 kimekuwa na ukungu na cha 0.5 ni cheupe, MIC ni 0.5. Kipimo kikirudiwa, jibu linaweza kupanda au kushuka ngazi moja bila bakteria kubadilika. Ndiyo maana matokeo yaliyo mpakani hayasomwi kama hukumu.

Maabara nyingi za Afrika Mashariki hutumia njia nafuu zaidi, yaani vidonge vya karatasi vyenye dawa vinavyowekwa juu ya sahani ya bakteria. Hupimwa kipenyo cha duara lisiloota kitu, na jedwali huligeuza kuwa S, I au R. Ripoti ya namna hiyo huwa na herufi bila MIC.

== Maana ya herufi ==
S humaanisha kwamba dozi ya kawaida ina nafasi kubwa ya kuponya, na R kwamba dawa ina uwezekano mkubwa wa kushindwa hata dozi ikiongezwa. I ndiyo inayosomwa vibaya zaidi, kwa kuwa wengi huichukulia kama "R kidogo". Tangu mwaka 2019 kamati ya Ulaya EUCAST inaieleza I kuwa bakteria anazuilika iwapo dawa itamfikia kwa wingi zaidi, ama kwa dozi kubwa ama kwa sababu dawa hujikusanya mahali penye ugonjwa. Taasisi ya Marekani CLSI huiita hali ya kati, na huitumia pia kama ukingo dhidi ya makosa madogo ya kipimo.

== Mfano wa kusoma ripoti ==
Tuseme mwanamke asiye mjamzito kutoka Iguguno, kata ya Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida, ana maumivu wakati wa kukojoa. Mkojo wake unapelekwa kwenye maabara yenye uwezo wa kuotesha bakteria, na *E. coli* anapatikana. Ripoti inasema: siprofloksasini 0.5, I, nitrofurantoini 16, S, seftriaksoni 8, R, jentamisini 1, S.

Kosa la kwanza ni kuchagua siprofloksasini kwa kuwa namba yake ndiyo ndogo kuliko zote. Namba za dawa mbili tofauti hazilinganishwi. Kila dawa ina mpaka wake, unaotokana na kiasi inachofikia mwilini. Kwa *E. coli*, mpaka wa S wa siprofloksasini ni 0.25, ilhali wa nitrofurantoini katika majedwali ya CLSI ni 32, kwa kuwa dawa hiyo hujikusanya sana kwenye mkojo.

Ikiwa ugonjwa uko kwenye kibofu tu, nitrofurantoini inafaa. Lakini akiwa na homa na maumivu ya ubavuni, figo huenda zimeathirika, na S ileile haimsaidii, kwani dawa hiyo haifiki kwa kiasi cha kutosha katika damu wala katika nyama ya figo. Hapo jentamisini hufikiriwa, baada ya kuangalia utendaji wa figo. Siprofloksasini haijafutwa. EUCAST huitaja kwa dozi kubwa ya miligramu 750 mara mbili kwa siku, badala ya 500.

== Mipaka ya ripoti ==
Mkojo uliokaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, mathalani ndani ya basi, huzalisha bakteria wa uchafuzi, na ripoti safi ya S na R huweza kutoka kwa kimelea ambacho hakimuumizi mgonjwa. Sampuli huwekwa kwenye ubaridi ikiwa itachelewa. Aina tatu au zaidi za bakteria katika mkojo mmoja kwa kawaida ni dalili ya uchafuzi, na ni vyema kuchukua sampuli upya.

Jibu huchukua siku mbili au zaidi, hivyo mgonjwa mahututi huanzishiwa dawa kabla halijafika. Utafiti wa mwaka 2001 hadi 2002 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ulionyesha uzito wa pengo hilo: takriban theluthi moja ya watoto wenye bakteria katika damu walifariki, ikilinganishwa na takriban moja ya tano ya wenye malaria, na kuanzishiwa dawa ambayo bakteria walikuwa sugu kwake kulihusishwa na vifo.