OAuth: Idhini Inayosafiri kwa Kivinjari

Mtu anafungua duka la vitabu mtandaoni, anabofya kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google, ukurasa wa Google unatokea, anabofya tena, na kufumba na kufumbua amerudi dukani akiwa ameshaingia. Hakuandika nywila yoyote ya duka. Duka nalo halikuiona nywila yake ya Google. Kilichopita hapo katikati kinaitwa OAuth, na Kiswahili bado hakijakipa jina lililotulia.

Tatizo linaanzia kwenye mkia wa jina. "Auth" ni kipande kinachoweza kukamilishwa kuwa neno moja kati ya mawili ya Kiingereza, na hata mafundi huyachanganya. Kiswahili hakina taabu hiyo: kumthibitisha mtu ni kuhakikisha yeye ni nani, kumwidhinisha ni kumruhusu afanye jambo. OAuth ni hilo la pili. Kwa hiyo anayeiita "itifaki ya uthibitishaji" amekosea tangu hatua ya kwanza. Iitwe itifaki ya idhini.

Historia yake inaunga mkono jina hilo. Kabla ya toleo la kwanza la mwaka 2007, tovuti zilikuwa zikimwomba mtu nywila ya baruapepe yake ili zimtafutie marafiki katika orodha yake ya anwani. Ni sawa na kumkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima kwa sababu anataka kuazima sufuria. OAuth ilibuniwa ili mgeni apewe sufuria tu. Toleo la 2.0, linalotumika leo, lilichapishwa Oktoba 2012 kwa jina la RFC 6749.

Istilahi ya pili inayosumbua ni ile ya kivinjari kupelekwa ukurasa mwingine. Wengi huandika "kuelekeza upya". Lakini upya ni kuanza tena: kura huhesabiwa upya, ukuta hupakwa rangi upya. Hapa hakuna kinachoanza tena. Kivinjari kimebisha hodi dukani, duka likakijibu "nenda kule". Afadhali basi kusema kuelekeza kwingine, na tendo lenyewe liitwe elekezo. Tofauti si ya mapambo, kwa kuwa safari hii ya OAuth imejengwa juu ya maelekezo mawili, moja la kwenda na moja la kurudi, na mchukuzi wa ujumbe mara zote mbili ni kivinjari cha mteja.

Tuseme duka letu lina anwani ya `vitabu.example`. Mteja akibofya kitufe, seva ya duka hujibu hivi, kwa kifupi:

```
HTTP/1.1 302 Found
Location: https://accounts.google.com/o/oauth2/v2/auth
  ?client_id=...
  &redirect_uri=https://vitabu.example/rudi
  &response_type=code
  &scope=openid%20email
  &state=k7Qz91
```

Hiyo 302 ndiyo elekezo. Ndani yake duka linajitambulisha (`client_id`), linataja mahali mteja arudishwe (`redirect_uri`) na linaeleza linachoomba (`scope`), yaani kumtambua mteja na kujua anwani ya baruapepe yake. Google humwonyesha mteja ombi hilo. Akikubali, kivinjari hurudishwa dukani:

```
https://vitabu.example/rudi?code=4/0Ab...&state=k7Qz91
```

Wanaoisoma OAuth mara ya kwanza hudhani kwamba `code` ndiyo tokeni. Siyo. Ni msimbo wa idhini, na wenyewe haufungui chochote. Seva ya duka huuchukua na kuupeleka moja kwa moja kwa `https://oauth2.googleapis.com/token`, pamoja na siri yake (`client_secret`), bila kupitia kivinjari. Hapo ndipo Google hutoa tokeni ya ufikiaji, inayodumu kama saa moja.

Kwa nini mzunguko wote huo? Kwa sababu kivinjari ni tarishi mwaminifu lakini hana siri. Anachobeba huonekana kwenye upau wa anwani, hubaki katika historia ya kurasa, huandikwa katika kumbukumbu za seva. Msimbo ukiokotwa njiani, aliyeuokota hana siri ya duka ya kuubadilishia, na kwa vyovyote hutumika mara moja tu. RFC 6749 inashauri usidumu zaidi ya dakika 10.

Mtanzania aliyezoea kununua umeme wa LUKU anaweza kutatizwa na neno tokeni. Tarakimu 20 anazoingiza kwenye mita hukubaliwa mara moja, na katika mita hiyo pekee. Kwa tabia, tokeni ya umeme imefanana na msimbo wa idhini kuliko tokeni ya ufikiaji, ambayo duka linaweza kuitumia tena na tena hadi muda wake uishe. Neno limeshazoeleka na halina haja ya kubadilishwa, ila anayefundisha aanze kwa kuitaja tofauti hiyo.

Imebaki `state`, ambayo mtengenezaji mwenye haraka huiacha. Tufuate kinachotokea akiiacha. Mhalifu anaanza kuingia dukani kwa akaunti yake mwenyewe ya Google, lakini anakisimamisha kivinjari kabla hakijafungua anwani ya kurudi. Anainakili anwani hiyo, yenye msimbo wake ambao haujatumika, kisha anamtumia mteja kama kiungo cha kawaida. Mteja anabofya. Duka linapokea msimbo halali, linaubadilisha, na kumwingiza mteja katika akaunti ya mhalifu. Yeye hana habari. Anajaza anwani ya nyumbani, labda na kadi ya benki, na vyote vinahifadhiwa mahali ambapo mhalifu anaweza kuvisoma.

Dawa ni nyepesi. Duka likitunga neno la kubahatisha, kama `k7Qz91` ya hapo juu ila refu zaidi, na kuliweka pia katika kidakuzi cha kivinjari kilichoanza safari, basi neno hilo likirudi halina budi kulingana na lile la kidakuzi. Kivinjari cha mteja aliyebofya kiungo hakina kidakuzi hicho, na safari inakatwa. Kulitafsiri `state` kuwa "hali" hakusaidii mtu. Ni alama ya safari.

Kosa moja linalojitokeza sana wakati wa ujenzi halina mhalifu. Ukurasa wa Google huandika `Error 400: redirect_uri_mismatch`, na mara nyingi chanzo ni mkwaju mmoja uliozidi mwishoni mwa anwani, au `http` mahali pa `https`. Google hudai anwani ya kurudi ifanane herufi kwa herufi na ile iliyosajiliwa. Ingekubali inayokaribiana tu, mwizi angepata mwanya wa kuipeleka misimbo kwake.

Na utambulisho uko wapi? Uliongezwa baadaye: mwaka 2014 OpenID Connect ilijengwa juu ya OAuth 2.0, na neno `openid` katika ombi la duka ndilo linaloiamsha. Pamoja na tokeni ya ufikiaji, Google hurudisha `id_token`, hati iliyotiwa saini yenye namba ya mteja isiyobadilika, iitwayo `sub`. Duka limtambue mteja kwa namba hiyo, si kwa baruapepe, ambayo huweza kubadilika.

Msomaji anayetaka kuona ni akina nani aliowapa idhini afungue `myaccount.google.com/connections`. Anaweza kuifuta yoyote hapo. Akaunti aliyofungua dukani itabaki vilevile. Hiyo ataifuta hukohuko dukani.