Dhanio la k: kusoma uthibitisho kwa induksheni

Katika hisabati diskriti, yaani hisabati ya vitu vinavyohesabika kimojakimoja, kuna slaidi moja inayowakwaza wanafunzi kuliko nyingine. Kwa kawaida ni ya tatu katika mada ya uthibitisho kwa induksheni. Ya kwanza huonyesha kanuni, ya pili huipima kanuni hiyo kwa namba 1, kisha ya tatu husema: chukulia P(k) ni kweli. Hapo ndipo mkono unaponyooshwa nyuma ya darasa. Mwalimu, si hicho hicho tulichoambiwa tukithibitishe? Mbona sasa tunaambiwa tukikubali bure?

Swali hilo ni la haki, na slaidi nyingi hazilijibu. Tuzipitie polepole, kwa kanuni ambayo wengi wameshaiona:

1 + 2 + 3 + … + n = n(n + 1)/2

Kanuni inadai kwamba ukijumlisha namba zote kuanzia 1 hadi n, huna haja ya kuzihesabu moja baada ya nyingine. Zidisha n kwa namba inayoifuata, kisha gawanya kwa 2. Kwa n = 4, kwa mfano, 1 + 2 + 3 + 4 ni 10, na 4 × 5 ÷ 2 pia ni 10.

Slaidi ya kwanza hulipa dai hili jina P(n). Herufi hiyo inahitaji uangalifu, kwa sababu P(n) si namba. Ni kauli, sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo. P(4) ni sentensi kwamba jumla ya 1 hadi 4 ni sawa na 4 × 5 ÷ 2, na P(100) ni sentensi nyingine, kuhusu jumla ya 1 hadi 100. Mwanafunzi anayeandika P(4) = 10, au anayejumlisha P(k) na k + 1, ameichukua sentensi akaifanya kiasi. Wasahihishaji hulikuta kosa hili mara kwa mara, nalo huficha kutoelewa kukubwa zaidi, kwa sababu uthibitisho wote unaokuja unahusu uhusiano kati ya sentensi na sentensi.

Sentensi hizo hazina mwisho. Tukithibitisha P(1), P(2), P(3) na kuendelea hivyo, tutakufa tukiziacha nyingi mno. Wala kupima nyingi hakutoshi kutupa uhakika. Chukua n² + n + 41, kanuni inayohusishwa na Euler. Ukiweka 0, unapata 41, ambayo ni namba tasa. Ukiweka 1, unapata 43, tasa pia. Endelea hadi 39 na kila jibu litakuwa namba tasa, mara 40 mfululizo bila kukosea. Weka 40 na utapata 1681, ambayo ni 41 × 41. Aliyekuwa ameshashawishika baada ya majibu 40 ameshawishika bure.

Hapa ndipo jina lenyewe linapotatiza. Katika mantiki ya kawaida, induksheni ni kutoka kwenye mifano mingi kwenda kwenye jambo la jumla: umeona kunguru wengi weusi, ukahitimisha kuwa kunguru wote ni weusi. Wanahisabati hawafanyi hivyo. Pascal aliitumia njia yao waziwazi katika kitabu chake kuhusu pembetatu ya namba, alichokiandika mwaka 1654 na kikachapishwa mwaka 1665, bila kuipa jina hilo. Jina lilienea baada ya Augustus De Morgan kuandika kuhusu njia hii katika ensaiklopidia ya Kiingereza mwaka 1838. Kwa Kiswahili tunaweza kubaki na induksheni, kwa kuwa neno limeshazoeleka vyuoni, ilimradi tukumbuke kwamba hapa hakuna kukisia kutoka kwenye mifano. Ni hoja kamili, yenye uhakika ule ule wa hoja nyingine yoyote ya hisabati.

Slaidi ya pili ni hatua ya msingi. Kwa n = 1, upande wa kushoto una namba moja tu, 1. Upande wa kulia ni 1 × 2 ÷ 2, ambayo pia ni 1. P(1) ni kweli. Wengi huipita mbio kwa kuwa ni rahisi, lakini tutairudia.

Sasa ile ya tatu. Kauli yake huitwa wakati mwingine nadharia tete ya induksheni, na naona jina hilo linaongeza utata. Nadharia tete, kama mtafiti anavyoijua, ni wazo linalosubiri ushahidi wa kulithibitisha au kulikanusha. Hapa hatusubiri ushahidi wowote. Tunachukulia jambo kwa muda ili tuone linazaa nini. Neno dhanio linafaa zaidi: dhanio la induksheni. Nalo linasema hivi: iko namba moja, tuiite k, ambayo kwake kanuni ni kweli.

Namba moja. Hapo ndipo jibu la mkono ulionyooshwa lilipo. Tunachotaka kuthibitisha ni kwamba kanuni ni kweli kwa kila n. Tunachodhani ni kwamba ni kweli kwa k moja, isiyotajwa ni ipi. Na hata hicho hatudai kuwa ni kweli. Tunachothibitisha katika hatua hii ni sentensi yenye “ikiwa” ndani yake: ikiwa P(k) ni kweli, basi P(k + 1) nayo ni kweli. Mtu anaweza kuthibitisha kwamba ikiwa mvua itanyesha mto utafurika, bila kudai kwamba mvua itanyesha.

Slaidi ya nne ndiyo yenye kazi. Hatua hii huitwa hatua ya induksheni, ingawa mimi ningeiita hatua ya kurithisha, maana k inairithisha namba inayoifuata ukweli wake. Kabla ya kuanza, andika pembeni unakokwenda. Katika kanuni, pale palipo na n weka k + 1, na upande wa kulia utakuwa:

(k + 1)(k + 2)/2

Hilo ni lengo, halijawa kweli bado, kwa hiyo likae pembeni. Sasa anza upande wa kushoto wa P(k + 1), yaani jumla ya 1 hadi k + 1. Jumla hiyo ni ile ya 1 hadi k, kisha unaongeza namba moja mpya, ambayo ni k + 1. Kuna wanaoongeza 1, kwa kuwa wameona k imekuwa k + 1, lakini kinachoingia kwenye jumla ni namba nzima inayofuata: ukitoka 1 + 2 + 3 kwenda kwenye jumla ya 1 hadi 4, unaongeza 4.

1 + 2 + … + k + (k + 1)

Dhanio linatuambia kwamba sehemu ya mwanzo, hadi k, ni sawa na k(k + 1)/2. Tuibadilishe:

k(k + 1)/2 + (k + 1)

Hapa ndipo dhanio lilipotumika, mara moja tu. Kama umemaliza uthibitisho na huoni mahali ulipolitumia, kuna kitu kimekwenda kombo. Kilichobaki ni aljebra. Andika k + 1 ya mwisho juu ya 2, iwe 2(k + 1)/2. Sasa (k + 1) imo katika sehemu zote mbili, kwa hiyo itolewe nje ya mabano, na ndani zibaki k na 2:

(k + 1)(k + 2)/2

Tumefika kwenye lengo tuliloliweka pembeni. P(1) ni kweli, na kila P(k) iliyo kweli inaifanya P(k + 1) kuwa kweli. Kwa hiyo P(2) ni kweli, kisha P(3), na hakuna namba ya kuhesabia itakayoachwa, kwa kuwa kila moja hufikiwa kutoka 1 kwa kuongeza 1 mara za kutosha. Ndiyo maana njia hii ina makazi katika hisabati diskriti: baada ya 3 inakuja 4. Kwenye mstari wa namba zenye desimali zote, 3 haina jirani wa kurithishwa.

Slaidi nyingi huweka hapa picha ya vipande vya dhumna vilivyosimamishwa mstari, kimoja kikiangusha kingine. Wachezaji wetu wa barazani huvipiga mezani kwa kishindo, hawavisimamishi, na picha hiyo hata hivyo haionyeshi kwa nini hatua zote mbili zinahitajika. Kanuni za uongo huonyesha vizuri zaidi.

Tuseme mtu anadai kwamba jumla ya 1 hadi n ni n(n + 1)/2 + 1. Ipitishe kwenye hatua ya kurithisha. Ongeza k + 1 kwenye k(k + 1)/2 + 1, na utapata (k + 1)(k + 2)/2 + 1, ambayo ndiyo hasa anayoidai kwa k + 1. Urithishaji umekamilika bila dosari, na kanuni ni ya uongo kwa kila namba. Kosa linaonekana kwenye slaidi ile iliyopitwa mbio: kwa n = 1 anapata 2, na jumla ni 1.

Mwingine anadai kwamba jumla ni n² − n + 1. Kwa n = 1 anapata 1, sawa. Kwa n = 2 anapata 3, na 1 + 2 ni 3, sawa tena. Sasa tumrithishe. Dhanio lake, ukiongeza k + 1, linatoa k² − k + 1 + k + 1, yaani k² + 2. Lengo lake, ukiweka k + 1 mahali pa n na kufungua mabano, ni k² + k + 1. Viwili hivi ni sawa pale tu k ikiwa 1. Aljebra yenyewe imetuonyesha kiungo kilichokatika: kutoka 1 kwenda 2 panapitika, kutoka 2 kwenda 3 hapapitiki. Na kweli, kwa n = 3 kanuni yake inatoa 7, wakati 1 + 2 + 3 ni 6.

Jambo moja induksheni haifanyi, nalo ni kukutafutia kanuni. Lazima uje nayo mkononi. Hii yetu hupatikana kwa kuandika namba mara mbili, mstari wa juu ukipanda kutoka 1 hadi n na wa chini ukishuka kutoka n hadi 1. Kila safu ya juu na chini inatoa n + 1, safu ziko n, kwa hiyo jumla mara mbili ni n(n + 1). Hoja hiyo inatosha yenyewe, na mtu anaweza kuuliza induksheni ya nini basi. Ijaribu kwa jumla ya vipeo vya pili, 1 + 4 + 9 + … + n², ambayo kanuni yake ni n(n + 1)(2n + 1)/6. Ukioanisha juu na chini, safu hazitoi tena jumla moja. Lakini hatua ya kurithisha inakwenda vile vile: ongeza (k + 1)², weka yote juu ya 6, toa k + 1 nje, na ndani ya mabano itabaki 2k² + 7k + 6, ambayo ni (k + 2)(2k + 3).