Uonevu wa Mtandaoni

Watoto wawili wa rika moja wakipigana, tunasema wanagombana. Mkubwa akimkamata mdogo, au watano wakimzunguka mmoja, mpita njia hukemea: "Msimwonee!" Kitenzi kuonea kimebeba tofauti ya nguvu, na ndiyo maana uonevu wa mtandaoni ni istilahi sahihi kuliko matusi ya mtandaoni, ambayo hata walio sawa hurushiana. Unyanyasaji nao ni neno pana mno, kwani linaingia hadi kazini na katika ndoa.

Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyechunguza uonevu katika shule za Uswidi na Norwei, aliupa sifa tatu: mtendaji amekusudia kuumiza, kitendo kinarudiwa, na anayetendewa hawezi kujitetea kwa urahisi. Mtandaoni, sifa ya pili hubadilika sura. Mtu anaweza kutuma mara moja tu, kisha marudio yakafanywa na wengine wanaosambaza, wengi wao wakijiona hawajamkosea mtu.

Tuchukue mfano wa msichana wa kidato cha pili aliyechafuka sketi akiwa kwenye hedhi. Mwenzake anampiga picha kwa nyuma na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Jioni picha hiyo imeshageuzwa stika, na kila anayetaka kuchekesha anaibandika, hata kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Hapa ndipo neno la pili, udhalilishaji, linapohitajika. Uonevu ni kile anachotendewa. Udhalilishaji ni kushushwa hadhi mbele ya hadhira asiyoijua ukubwa wake. Asubuhi akiingia darasani hajui nani ameiona na nani bado, kwa hiyo kila kicheko anakihesabu kuwa chake.

Zamani kengele ya kutoka ilimpa mwanafunzi nafasi ya kupumua. Simu haina kengele hiyo. Msichana huyu ataamka usiku kuangalia kama kuna jipya, ataumwa tumbo siku za shule tu, na ataficha kioo cha simu mama akipita. Mara nyingi hatasema, kwa sababu anaogopa kunyang'anywa simu au kuulizwa, "Wewe ulifanya nini mpaka wakakupiga picha?" Akianza kusema heri asingekuwepo, hilo si la kusubiri. Asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo. Namba 116, Tanzania na Kenya, ni ya simu ya bure ya kusaidia watoto.

Mzazi aanze kwa kusikiliza, kisha afuate mpangilio. Kwanza ni ushahidi: apige picha za kioo zinazoonyesha namba ya mtumaji, jina la kundi, tarehe na saa. Hili litangulie kufuta au kuzuia namba, maana ujumbe ukishafutwa ni vigumu kuthibitisha. Lakini picha ikiwa ya utupu wa mtoto, isinakiliwe wala kutumwa kwa mtu, hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi. Yaandikwe tu jina la akaunti, mahali ilipo na saa.

Baada ya hapo admini wa kundi aombwe kuifuta picha kwa wote, jambo ambalo WhatsApp inamruhusu, na mtumaji aripotiwe na kuzuiwa. Kwa picha za utupu za walio chini ya miaka 18, ipo huduma ya bure ya Take It Down. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Kinachotumwa ni alama ya tarakimu inayotokana nayo, ambayo mitandao inayoshiriki huitumia kuitambua na kuiondoa. Huduma hiyo haifiki ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, na nakala zilizokwisha kuhifadhiwa katika simu za watu hakuna anayeweza kuzirudisha zote. Mtoto aambiwe ukweli huo, asiahidiwe kwamba kila kitu kitafutika.

Shule nayo ijulishwe, ishughulike na waliosambaza pamoja na aliyeanza. Uonevu ukiendelea, sheria ipo: kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kutuma mawasiliano kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu uchungu wa moyo. Kulipiza kwa kutoa siri za mwonevu hakusaidii. Kunawapa watazamaji onyesho la pili na kumtia mwathiriwa hatiani.

Wanafunzi waliomo kundini ndio wenye uwezo mkubwa wa kuukata uonevu huu, kwa kuwa ndio wanaourudia. Ukipokea stika ya namna hiyo, ifute, usiitume, kisha mwandikie mwenzako faraghani kwamba hukubaliani na anachofanyiwa.