Agano la Oda, Si "Uthibitisho wa Amri"

Kamati fulani, ambayo kwa adabu siitaji, imetutunuku "uthibitisho wa amri" kuwa jina la ujumbe ambao duka humtumia mteja wakishamaliza kuandikiana kwenye simu. Amri hutoka kwa afande! Mama wa Bukavu anayeagiza unga Kamembe, ng'ambo ya daraja la Rusizi I, hamwamrishi mtu. Waliosahihisha na kuandika "uthibitisho wa oda" wamefika nusu ya njia. Thibitisha, neno la asili ya Kiarabu, ni kulisimamisha jambo imara, nalo halisimami kabla halijajulikana ni lipi.

Mimi nasema agano la oda. Kitenzi aga kimezaa agiza, yaani kumwachia mtu neno alitekeleze, kisha kikazaa agana, kupeana ahadi. Agizo hutoka kinywa kimoja, agano hutoka viwili. Hata Kinyarwanda kina kuraga, kuachia urithi, nami sioni shida kuviita vitenzi hivi ndugu. Wapinzani wangu hucheka: "Agano Jipya la unga!" Wacheke. Biblia haikuwakataza watu kuagana sokoni.

Tuseme mteja anaandika: "Mama, unga mifuko 20 ya kilo 25." Duka: "Upo, mfuko elfu 22." Mteja: "Weka 15 kwanza. Na mafuta, madumu 3 ya lita 20." Duka: "Dumu elfu 48." Mteja: "Sawa. Ongeza 5 basi. Kesho saa kumi, darajani."

Tano za nini? Zikiwa za unga, jumla ni 584,000. Zikiwa za mafuta, ni 714,000. Pengo la 130,000 limejificha katika neno moja, na "sawa" ile haisemi kama imekubali bei ya mafuta au oda nzima. Hapo muuzaji asibuni. Aulize kwanza; akijibiwa kuwa tano ni za unga, tena wa mahindi, na kwamba watakutana upande wa Rwanda, ndipo aandike:

"Agano la oda. Unga wa mahindi, mifuko 20 ya kilo 25, kila mmoja 22,000: 440,000. Mafuta, madumu 3 ya lita 20, kila moja 48,000: 144,000. Jumla faranga za Rwanda 584,000. Makabidhiano: Rusizi I, upande wa Rwanda, Jumanne, 16:00. Ukikubali, jibu NDIYO. Pakiwa na kosa, taja mstari."

Ile 15 haionekani, kwa kuwa agano hubeba neno la mwisho tu. "Kesho" imekuwa siku yenye jina, maana ujumbe husomwa hata baada ya usiku wa manane. "Saa kumi" imekuwa 16:00, asije aliyezoea saa za Kifaransa akafika asubuhi. Sarafu imetajwa kwa sababu Bukavu hutumia pia dola na faranga za Kongo. Upande wa daraja nao umetajwa, maana ndio unaoamua nani atamlipa mbebaji na nani atasimama mbele ya forodha.

Bila NDIYO ya mteja, huo bado ni ujumbe wa duka tu, na mzigo usitoke. Kamati ikinuna, ituonyeshe ni wapi katika "amri" yake mteja hupewa nafasi ya kujibu.