Alexa na maombi ya siku zilizopita

Huduma ya sauti ya Alexa ya kampuni ya Amazon, katika muundo wake wa awali, haikuunganisha mazungumzo ya leo na ya jana, isipokuwa orodha na vikumbusho. Aliyeuliza jana hali ya hewa ya Mombasa alilazimika kuutaja mji huo upya. Kusahau huko hakukumaanisha kufutwa: rekodi ya sauti na maandishi yake vilihifadhiwa katika akaunti. Mei 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilidai kuwa maandishi ya maneno ya watoto yalibaki hata wazazi walipoomba yafutwe. Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25. Historia hiyo hukaguliwa na kufutwa katika mipangilio ya faragha.