Linki inakataa ndani ya Facebook? Itoe, uifungulie katika Chrome

Wakaaji wengi wa Kalemie wanapata matangazo ya kazi kupitia Facebook. Unagusa linki, ukurasa unafunguka vizuri, lakini ukifika pa kuingia na konti yako ao pa kuweka sivi, mambo yanakwama. Watu wanasema rezo ni mbaya. Mara nyingi shida haiko kwa rezo, iko kwa dirisha ambamo ukurasa umefungukia.

Ukigusa linki ndani ya Facebook, Instagram ao TikTok, kwa kawaida aplikasyo haikupeleki katika kivinjari cha simu, ni kusema Chrome ao kingine ulichozoea. Inafungua kidirisha chake yenyewe, ndani mwake, ili usitoke kwake. Ni kama nyumba yenye vyumba viwili visivyo na mlango katikati. Konti uliyokwisha kuingia katika Chrome, na maneno ya siri yaliyohifadhiwa kule, kidirisha hiki hakivioni. Kwake wewe ni mgeni. Tena kazi fulani, sawa kuchagua faili ya kutuma ao kupakua karatasi, zinafanyika tu kama waliotengeneza aplikasyo walizitayarishia njia. Kama hawakufanya hivyo, unagusa kitufe na hakuna kinachotokea.

Tuchukue mfano. Kijana wa mtaa wa Kataki anaona tangazo la kazi, mwisho ni Ijumaa saa kumi ya jioni. Anagusa linki katika Facebook, anajaza jina, masomo na kazi alizofanya. Chini anaombwa aingie kwa konti yake ya Google. Anagusa, na hapo anaona:

```
Error 403: disallowed_useragent
```

Maana yake ni hii: Google imetambua kwamba ombi linatoka katika kidirisha cha ndani, nayo inakataa. Ilikaza sheria hiyo katika 2021, kwa sababu aplikasyo yenye kidirisha inaweza kuona kile unachoandika ndani yake, hata neno la siri. Kwa hiyo kijana anaweza kurudilia mara kumi, ao kununua mega zingine, jibu litakuwa lile lile.

Dawa ni kutoka mule. Juu ya kidirisha kuko vidoti vitatu. Gusa pale, kisha tafuta maneno sawa « Ouvrir dans Chrome » ao « Ouvrir dans le navigateur ». Katika Kiingereza ni « Open in external browser ». Maneno yanabadilika kidogo kufatana na simu na aplikasyo. Ukurasa utafunguka katika Chrome, na pale konti ya Google iliyo katika simu itajitokeza uichague.

Kama hauoni maneno hayo, chagua « Copier le lien » katika vidoti vile vile, fungua Chrome mwenyewe, bandika linki juu pa kuandikia anwani. Angalia jambo moja: nakili linki ukiwa ndani ya ukurasa wa kazi, si ile ya tangazo la Facebook. Ukinakili ya tangazo, itakurudisha Facebook. Njia ingine ni kujitumia linki katika WhatsApp na kuigusa pale, kwani WhatsApp kwa kawaida inafungulia linki katika kivinjari cha simu.

Lakini yale kijana aliyokwisha kuandika hayatamfuata. Fomu itafunguka tupu, ataanza upya. Kwa hiyo hama mbele ya kujaza, si kisha. Utatambua namna gani kama uko ndani ya kidirisha? Jaribu kugusa anwani iliyo juu ili uandike ingine. Kama haikubali, na ukirudi nyuma unajikuta katika Facebook, haujatoka bado.

Wengine wanaenda katika « Paramètres », « Applications », « Applications par défaut », wanachagua Chrome, wakifikiri imekwisha. Hiyo inasaidia linki inayotoka WhatsApp ao SMS. Facebook yenyewe inaendelea kufungua kidirisha chake, mpaka uiambie kwa vidoti vitatu.

Na ninyi mnaotangaza kazi ao masomo: chini ya linki andikeni mstari mmoja, « Gusa vidoti vitatu, fungulia katika Chrome, kisha ujaze. » Anayewatengenezea saiti anaweza pia kuweka onyo linalotokea mwanzoni kwa mgeni wa Facebook: kidirisha chake kinajitambulisha kwa saiti kwa herufi `FBAN` ao `FBAV`. Na mbele ya kutangaza, chukueni simu, ingieni kupitia Facebook, mjaze fomu yote mpaka kitufe cha mwisho. Kama inakwama kwenu, itakwama kwa kijana wa Kataki pia, na yeye atagundua hivyo siku ya Ijumaa.