Sehemu ya 4: Hizo namba tatu kwenye majibu ya uvimbe wa titi zilitoka wapi?

Mama, kama wewe au ndugu yako mmewahi kupokea majibu ya kinyama cha titi, huenda uliona mstari kama huu: 3 + 2 + 2 = 7, daraja la 2. Wengi wanaruka mstari huo, au wanausoma vibaya. Kwanza tuliondoe hili: daraja siyo hatua. Hatua inaeleza kansa imefika wapi mwilini. Daraja linaeleza seli zenyewe zinaonekanaje kwenye hadubini, yaani zimeacha tabia ya titi kwa kiasi gani. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 na bado yuko hatua ya 1.

Leo nakupeleka nyuma kidogo, maana ukijua hesabu hii ilivyozaliwa, utaielewa vizuri kuliko ukikariri.

Mwaka 1925 huko Boston, Marekani, daktari wa upasuaji aitwaye Greenough alichukua slaidi za wagonjwa wake wa kansa ya titi akazipanga makundi matatu: za upole, za kati na za ukali. Kisha akaangalia nani alikuwa bado hai. Makundi yalitofautiana kweli. Shida ilikuwa kwamba aliangalia mambo mengi sana kwa pamoja, na mtu mwingine akiangalia slaidi zilezile anaweza kupanga tofauti.

Mwaka 1928, Patey na Scarff wa Hospitali ya Middlesex, London, wakaipunguza orodha hadi mambo matatu. La kwanza, je, seli bado zinajipanga kuunda tezi? Titi la kawaida lina vijitezi na vijiferi vya maziwa, na ukivikata kwa upana vinaonekana kama pete zenye tundu katikati. La pili, je, viini vya seli vinalingana ukubwa? La tatu lilikuwa viini vyenye rangi nzito kupita kiasi. Hilo la tatu ndilo litatusumbua hadi mwisho wa hadithi, lishike.

Halafu mwaka 1957 Bloom na Richardson wakaleta namba. Walikuwa na wagonjwa 1,409, na 359 kati yao walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 15. Kila jambo likapewa alama 1 hadi 3, kisha unajumlisha. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 au 7 ni daraja la 2, 8 au 9 ni daraja la 3. Mpaka leo mgawanyo ni huohuo.

Lakini lile jambo la tatu, waliweka pamoja seli zinazogawanyika na viini vyenye rangi nzito tu. Sasa hapo pana mtego. Seli inayogawanyika ni dalili kwamba uvimbe unakua. Ila kiini kinaweza kuwa cheusi kwa sababu seli inakufa na imejikunja, au rangi ya maabara ilizidi. Ukivihesabu vyote, unahesabu wanaozaliwa na wanaokufa kwenye daftari moja. Ndiyo maana madaktari wengi walikuwa hawaiamini hesabu hii.

Waliofunga hoja ni Elston na Ellis wa Nottingham, Uingereza. Utafiti wao ulianza kuandikisha wanawake mwaka 1973, na mwaka 1991 wakatoa matokeo ya wagonjwa 1,831 waliopimwa daraja. Walichofanya ni kubana masharti. Tezi: angalia uvimbe wote. Tezi zikizidi asilimia 75 ni alama 1, asilimia 10 hadi 75 ni alama 2, chini ya asilimia 10 ni alama 3. Viini: linganisha na seli za kawaida za titi. Vidogo na vinavyofanana ni 1, vikubwa kiasi na vinavyotofautiana kiasi ni 2, vikubwa sana na kila kimoja na umbo lake ni 3. (Hapa ndipo wataalamu wanapobishana zaidi mpaka leo, maana ni jicho tu.) Na la tatu: hesabu seli ambazo wazi kabisa zinagawanyika. Viini vyeusi vyenye shaka, acha.

Wakaongeza kitu ambacho mimi nakiona ndicho cha maana kuliko vyote: pima upana wa duara unaloliona kwenye hadubini yako. Seli zinazogawanyika huhesabiwa kwenye maduara 10, pale ukingoni mwa uvimbe zinapokuwa nyingi. Lakini hadubini hazilingani. Moja duara lake lina kipenyo cha milimita 0.59, nyingine 0.44. Tofauti inaonekana ndogo, ila eneo la hiyo kubwa linakaribia mara mbili ya ndogo. Ni kama kuhesabu miche kwenye tuta kubwa na tuta dogo halafu useme shamba moja limeota zaidi.

Chukua mfano wa mama mmoja wa kufikirika. Tezi ni asilimia 5 tu, basi alama 3. Viini vya kati, alama 2. Kwenye hadubini ya 0.59 daktari anahesabu seli 12 zinazogawanyika. Kwa duara hilo, 0 hadi 9 ni alama 1, 10 hadi 19 ni alama 2, 20 na kuendelea ni alama 3. Basi anapata 2. Jumla 7, daraja la 2.

Uvimbe huohuo kwenye hadubini ya 0.44 ungetoa seli kama 7 tu, kwa sababu eneo ni dogo. Lakini jedwali lake nalo ni tofauti: 0 hadi 5 ni 1, 6 hadi 10 ni 2, 11 na kuendelea ni 3. Saba inapata 2. Daraja halijabadilika.

Sasa fikiria zile 12 za hadubini kubwa zikasomwa kwa jedwali la hadubini ndogo. Zinapata alama 3, jumla inakuwa 8, na mama anaandikiwa daraja la 3. Uvimbe ni uleule, na daraja ni moja ya mambo yanayoangaliwa mnapojadili kama dawa za kemo zinahitajika. Ndiyo maana ripoti nzuri huandika alama zote tatu, siyo jumla peke yake.

Kuna sehemu nyingine hesabu hii inapoharibika, na hii inatuhusu sisi wauguzi wa chumba cha upasuaji. Kinyama kikikaa mezani bila kuwekwa kwenye formalini, seli zinaanza kuharibika, na zile zinazogawanyika hazitambuliki tena vizuri. Daktari anaziacha, kama Nottingham walivyoagiza, na uvimbe unaonekana mpole kuliko ulivyo. Kinatakiwa kiingie ndani ya saa moja, kwenye formalini nyingi, siyo kulowanishwa tu.

Na msishtuke, jamani, mkiona daraja la sindano limekuwa 2 halafu baada ya upasuaji likaandikwa 3. Si lazima kansa iwe imebadilika. Sindano inachukua vipande vyembamba, na mara nyingi inakosa ule ukingo wenye seli nyingi zinazogawanyika. Ukiwa na ripoti zote mbili, nenda nazo zote kliniki, na muulize daktari alama ya tatu ilikuwa ngapi mara ya kwanza na ngapi mara ya pili.

Sehemu ya 5 tutasoma mstari unaofuata kwenye ripoti hiyohiyo, ule wa vipokezi vya homoni.